Ulimjua Novemba, Muulize Machi

Ukitaka kujua kipato cha kijana wa Tandahimba, jibu litategemea mwezi uliouliza. Novemba, minada ya korosho ikiwa imechanganya na fedha zinaingia benki kila baada ya wiki, yeye ndiye analipa meza nzima, pikipiki imejaa mafuta na nauli ya kwenda Mtwara mjini haijadiliwi. Machi huyohuyo anaomba vocha kwa mdogo wake. Hajafilisika wala hajalogwa. Ndivyo mwaka wake ulivyokaa.

Nalisema hili kwa sababu wapenzi wengi wa huku hukutana msimu ukiwa umepamba moto. Ndipo sherehe zinafanyika na watu wanatembeleana, mwenye haya naye anapata ujasiri wa kumsemesha mtu. Mtumishi aliyepangwa kutoka mkoa mwingine akikutana na mkulima wakati huo, anadhani amemwona mtu alivyo, kumbe ameona robo ya mwaka wake. Mkulima naye anasikia mshahara wa mwenzake unatajwa kijiweni, anadhani ndio anaopokea. Uhusiano unaanza kwa namba mbili za uongo ambazo hakuna aliyezitamka.

Nina mfano wa watu wawili waliokubali niwasimulie bila majina, na namba nimezizungusha ili wasitambulike. Mwanamke ni mwalimu wa sekondari mwenye shahada, mwenyeji wa Singida. Mwanamume aliishia kidato cha nne, anahudumia mikorosho kama 150 nje kidogo ya mji wa Tandahimba. Walianza kuzoeana mwezi wa kumi na moja. Kufikia Februari ikawa taabu: kijana hapokei simu jioni, na kila akialikwa mjini anasema ana kazi shamba. Februari si mwezi wa kumnyima mtu jioni kwa ajili ya mikorosho, na mwalimu hakulijua hilo. Akafikiri kuna mwanamke mwingine.

Tuanze na mshahara, kwa kuwa ndio unaoogopwa zaidi. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 800,000. Mfuko wa hifadhi ya jamii unachukua asilimia 5, yaani 40,000. Kodi inakokotolewa kwenye 760,000 iliyobaki, inatoka 68,000. Bima ya afya asilimia 3, ambayo ni 24,000. Chama cha walimu asilimia 2, hiyo 16,000. Halafu Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, ambayo tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2016 inakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi: 120,000. Inayoingia akaunti ni 532,000. Na hapo hajakopa benki. Utaratibu wa utumishi unataka mtumishi abakiwe na angalau theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, na wapo walimu wengi waliosukuma mikopo yao hadi kwenye ukuta huohuo. Mwalimu wa laki nane anaweza kabisa kuwa anaishi kwa 270,000 kwa mwezi, anapanga chumba, anatuma nyumbani, na mtaa mzima unamwita tajiri.

Sasa shamba. Mikorosho 150, wastani wa kilo 8 kwa mti, ni kilo 1,200. Bei ndiyo isiyotulia. Mwaka 2018 serikali iliingia yenyewe kununua kwa 3,300 kwa kilo. Miaka mitano baadaye bei ilikuwa inachezea 2,000, kisha Oktoba 2024 mnada wa kwanza wa Newala na Tandahimba ukavuka 4,000. Hakuna mwajiriwa anayeweza kuambiwa mwaka huu mshahara ni huu, mwakani huenda ukawa nusu au mara mbili, akaendelea kulala. Tuchukue bei ya katikati: baada ya makato ya chama cha msingi, ghala na usafirishaji, mkulima amebakiwa na 2,500 kwa kilo. Hiyo ni milioni 3. Toa palizi, petroli na kukodi bomba la kupulizia, vibarua wa kuokota. Tuseme laki tisa. Inabaki 2,100,000. Igawe kwa miezi 12 unapata 175,000 kwa mwezi.

Kwa hiyo tofauti yao kwa mwaka mzima ni kubwa: mwalimu anapata mara tatu ya kijana. Lakini Novemba, kwa macho, kijana ndiye mwenye nazo. Fedha zilizomwingilia wiki mbili za minada zinaweza kuzidi mishahara mitatu ya mwalimu kwa mkupuo. Hapa ndipo watu wanapogombana bila kujua wanagombania nini. Mmoja anahesabu kwa mwezi, mwingine anahesabu kwa msimu, na kila mmoja anamwona mwenzake kama mtu asiye na nidhamu ya pesa. Mwalimu anashangaa mtu anavyonunua spika kubwa Desemba. Kijana anashangaa mtu mwenye mshahara kila mwezi anavyolalamika kila tarehe 10.

Ila hesabu hizi mbili bado hazijafika kwenye aibu yenyewe. Nimewasikiliza watu wengi wa Mtwara na Lindi wakizungumzia mambo haya, na naona kipato kidogo chenyewe hakiwasumbui sana. Mtu atakwambia waziwazi "mimi mkulima" au "mimi mshahara wangu mdogo", tena kwa kucheka. Anachokificha ni kile kilicholiwa kabla hakijafika. Mwalimu anaficha Bodi ya Mikopo na ule mkopo wa kausha damu aliouchukua mama mdogo alipofariki. Mkulima anaficha kangomba.

Wa mbali niwafafanulie, maana wa Newala wanajua. Korosho kisheria zinauzwa kupitia chama cha msingi, zinapelekwa ghala kuu na kupigwa mnada. Mfumo wa stakabadhi ghalani umekuwepo kwenye zao hili tangu 2007. Lakini kuanzia Februari hadi Mei, ghala la chakula likiwa jeupe na salfa ya kupulizia mikorosho bado kuhangaikiwa, anapita mtu mwenye fedha. Anakupa taslimu sasa, utamlipa korosho msimu ukifika, kwa bei aliyoipanga yeye na mara nyingi kwa kipimo chake, ambacho hakina urafiki na mzani. Biashara hiyo imepigwa marufuku, kwa hiyo haina karatasi na haina pa kulalamikia. Inabaki siri ya watu wawili, na ndiyo maana hata mchumba haambiwi.

Kijana wetu alipewa 300,000 na mzee mmoja wa kangomba mwezi Machi mama yake alipolazwa. Makubaliano: kilo 300, yaani shilingi 1,000 kwa kilo. Kwa bei yetu ya 2,500, kilo hizo zilikuwa na thamani ya 750,000. Amepoteza 450,000 kwa miezi saba ya kukaa na laki tatu ya mtu. Msimu ulipofika alikuwa na kilo 900 tu za kupeleka chama cha msingi, na gharama za shamba zilikuwa zilezile. Desemba hiyohiyo akamnunulia mwalimu simu ya laki nne. Mwalimu aliifurahia, na aliiweka kwenye picha ya wasifu. Hakujua kwamba mwezi unaofuata mwenzake angeanza kumtafuta yule mzee tena.

Zawadi ya msimu nadhani inasomwa vibaya. Wengi wanaiita ubadhirifu wa watu wa korosho, na zile stori za mbuzi kunyweshwa soda zinachekesha mpaka Dar. Mimi naiona kama malipo ya miezi ya kunyamaza. Mwanamume aliyekwepa simu Februari kwa sababu hana hata ya kununulia chai anajua kuna neno linamsubiri: marioo. Akimwacha mwanamke alipie mara tatu mfululizo, vijana wa kijiweni watalitamka. Basi msimu ukifika analipa deni la heshima kwa mkupuo, kwa kitu kinachoonekana. Ukimwambia mtu huyo "usininunulie simu, weka akiba", umemnyang'anya njia pekee aliyoijua ya kusimama sawa na wewe, na hujampa nyingine.

Njia nyingine ilipatikana kwa mazungumzo ya usiku mmoja, miezi kadhaa baada ya ile simu. Mwalimu ndiye aliyeanza, na alianza na la kwake. Nadhani hilo ndilo lililookoa jambo, maana mwenye kipato kikubwa akianza kwa kuuliza, swali linakuwa la afisa mkopo. Alivyonisimulia, ilikwenda hivi:

"Mimi unasikia laki nane, lakini laki moja na ishirini inachukuliwa na Bodi kabla sijaiona. Na nyumbani natuma laki kila mwezi, mdogo wangu yuko chuo. Kwa hiyo nikikwambia sina, sikukwepi."

"Mwalimu, mimi nilijua nyie mnapata yote."

"Nani kakwambia?"

"Si tunaona mnavyokopeshwa pikipiki."

"Na pikipiki nayo inakatwa."

Kijana akacheka, akakaa kimya kidogo, kisha akasema: "Mimi mwaka jana kilo mia tatu ziliondoka hata mnada haujafunguliwa."

Mwalimu hakuelewa. Ikabidi aelezwe kangomba tangu mwanzo, na yeye akachukua karatasi wapige hesabu. Walipofika kwenye ile 450,000 wote wawili waliitazama simu iliyokuwa mezani.

Tazama walichoambiana na walichokiacha. Hakuna aliyeonyesha salio la benki. Hakuna aliyetaja namba ya siri. Walitaja vitu vitatu tu: fedha inaingia lini, kabla ya kufika inakatwa na nani, na ikifika nani wengine wanaitegemea. Kwa watu wanaoanza, hayo yanatosha kabisa. Kiasi chenyewe kitajitokeza kwenye mazungumzo bila kuvutwa, kama kilivyojitokeza hapa. Nami naona wakati wake ni kabla fedha ya mmoja haijaingia kwenye shida ya mwenzake, kwa sababu baada ya hapo kila sentensi inanukia deni.

Hilo la tatu, nani wanaitegemea, kwa watu wetu lina uzito wa peke yake. Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo kwa upande wa mama, na ingawa mjini mambo yamechanganyika, mjomba bado ana kauli. "Nina mikorosho 150" inaweza kumaanisha nimeinunua, au nimepewa, au naihudumia kwa niaba ya mama na dada zangu na wajomba wakiamua vingine naachia. Kwa kijana wetu ilikuwa ya mama. Sehemu ya kila malipo inakwenda kwa mama bila mjadala, na dada yake aliyeolewa Masasi anajua siku ya mnada kuliko yeye. Mwalimu aliposikia hivyo aliacha kuihesabu mikorosho kama mali ya mchumba wake. Ilimuuma kidogo, alikiri. Lakini ni afadhali imuume mapema kuliko aje aikute barazani kwa wazee.

Elimu sasa, ambayo watu hudhani ndiyo ngumu. Kwa hawa wawili ugumu wake ulijificha kwenye karatasi. Kijana alikuwa na bahasha ya stakabadhi za chama cha msingi za misimu mitatu: kilo, daraja, tarehe. Malipo yalipoingia benki hayakulingana na bei aliyoisikia mnadani, na hakuwahi kuuliza kwa nini. Kuuliza kungemwonyesha mbele ya karani kwamba hajui makato yanavyokwenda. Alipomwonyesha mwalimu, mwalimu naye hakuzielewa. Shahada yake ni ya Jiografia. Wakazipeleka pamoja kwa katibu wa chama, wakaelezwa mstari kwa mstari kipi ni ushuru, kipi ni cha ghala, kipi ni usafirishaji. Hakukuwa na wizi, ila kulikuwa na gunia moja lililoandikwa daraja la pili bila yeye kuambiwa siku ya kupima, na muda wa kulalamika ulishapita.

Mwenye elimu ndogo kwenye uhusiano mara nyingi hafichi cheti chake, maana kila mtu anakijua. Anaficha ile hali ya kusaini asichokielewa. Utaitambua kwa mtu anayesema "hiyo nilishamaliza" kila karatasi inapotokea, au anayekasirika ukiichukua uisome. Na mwenye elimu kubwa ana kosa lake, nalo limevaa nguo ya wema: anaanza kumpangia mwenzake kujiendeleza. Mwalimu alikuwa ameshaulizia mtihani wa kurudia kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na amejua ada, kabla hajamuuliza kijana kama anataka. Kijana alilichukulia kama ujumbe kwamba hivi alivyo hatoshi kutambulishwa ofisi ya walimu. Sidhani alikosea kulisoma hivyo. Kama mtu anataka kurudi darasani atasema, na Julai hatasema, maana Julai yuko shambani alfajiri akipuliza salfa kabla upepo haujaamka, akipigana na ugonjwa wa ubwiri unga kwenye maua. Mtu wa namna hiyo ukimwandikia ratiba ya masomo ya jioni umeonyesha tu kwamba hujui kazi yake.

Ofisi ya walimu yenyewe siwezi kuitetea. Waliuliza "ana elimu gani?" kabla hawajauliza anaitwa nani. Mwalimu aliwajibu "kidato cha nne, analima korosho", akaendelea kusahihisha madaftari. Swali halikurudi. Angesema "ni mfanyabiashara", kama wengi wanavyosema, angelazimika kuutunza huo uongo kila siku ya malipo.

Kuna wasiopaswa kuambiwa lolote, na huku dalili zao zinafahamika. Anayejua tarehe yako ya mshahara kuliko jina la mama yako. Anayetaka aone hati yako ya mshahara huku yake au stakabadhi zake ziko "kwa kaka". Anayeomba umkopee kwa jina lako kwa kuwa wewe unakopesheka. Kwa mtumishi hili la mwisho ndilo baya kuliko yote, kwa sababu penzi likifa makato hayafi. Nimeona watu wakilipa pikipiki ya mtu aliyekwisha kuoa kwingine.

Hata kwa wanaoaminiana, mwalimu wetu alifanya uamuzi ambao wengine waliuona wa roho mbaya. Kijana aliposema Machi ijayo huenda akabanwa tena, yeye hakusema "nitakupa". Angempa laki tatu, uhusiano ungepata mkopeshaji mpya, safari hii mwenye sauti nyororo, na Februari ya kukwepa simu ingerudi palepale. Badala yake walikaa wakati wa malipo ya mnada wa pili wakatenga laki nne kwenye akaunti ya kijana mwenyewe, yenye masharti ya kutotolewa kabla ya mwisho wa Februari. Ilikuwa bei ileile ya simu. Mwaka huo hakukuwa na zawadi ya kuweka kwenye picha ya wasifu, na mwalimu anakiri marafiki zake waliuliza.

Machi kijana alitoa laki tatu na nusu. Yule mzee alipita, akaagwa kwa heshima. Kilo zote 1,200 zilikwenda kwenye mzani wa chama, ingawa bei ilishuka na walichopata hakikufika walichopiga hesabu. Akaunti haizuii bei kushuka.

Sasa wamefika kwenye mahari, na mjomba wa kijana pamoja na wazee wa Singida wanazungumza kwa simu. Upande wa Singida ulitaka iletwe yote mwezi wa nne, kabla ya likizo. Kijana aliwaambia wajomba zake mbele ya mshenga kwamba mwezi wa nne hana, na njia pekee ya kuipata ni kuuza korosho ambazo bado hazijawa hata maua. Wamekubaliana nusu baada ya mnada wa pili, nusu baada ya minada kufungwa, na mwalimu ndiye aliyempigia baba yake kumweleza minada inaanza lini.